Andaraita Akiuliza Tena: Mgahawa Unavyojibu Maswali ya Bima

Fomu ya maombi ya bima ya mgahawa huuliza mambo ya jumla: jina la biashara, mtaa, kuta za nini, paa la nini, mnapikia nini, mali ina thamani gani, mmewahi kupata hasara. Mwenye mgahawa huijaza jioni moja huku wateja wanaingia na kutoka, anatia saini, anamkabidhi broka, kisha anasubiri kuambiwa bei. Mara nyingi bei haiji. Inakuja barua yenye maswali mengine sita au saba, yamepangwa kwa namba, na chini yake ombi la kujibu kabla ya Ijumaa.

Anayeuliza ni andaraita, yule ofisa wa kampuni ya bima anayepima hatari na kuamua kama kampuni iichukue, kwa ada gani na kwa masharti gani. Hajawahi kula kwako na pengine hatafika. Anachokijua ni fomu yako, picha alizoziona mtandaoni, na uzoefu wa migahawa mingine iliyoungua. Maswali yake ya ziada yanaonyesha waziwazi mahali anapoiona hatari, na hapo ndipo yalipo na uzito wa kisheria. Kwa mila ya sheria ya bima tuliyoirithi Kenya na Tanzania kutoka Uingereza, anayeomba bima anapaswa kueleza kila jambo la msingi analolijua, hata asipoulizwa. Akishaulizwa kwa maandishi, hana tena nafasi ya kusema hakujua kwamba jambo lile lina maana.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalioni kwa sababu limeandikwa kwa herufi ndogo juu ya saini. Fomu nyingi zina tamko kwamba majibu yote ni ya kweli na kamili, na kwamba yatakuwa msingi wa mkataba. Maneno hayo yana historia nzito. Mwaka 1922 kesi ya Dawsons na Bonnin ilifika katika Baraza la Malodi huko Uingereza. Kampuni moja ya Glasgow ilikata bima ya lori, na kwenye fomu ikaandika kwamba lori hulazwa katikati ya mji, kwenye anwani ya ofisi yake. Kumbe lilikuwa likilazwa pembezoni mwa mji, na huko ndiko lilikoungulia. Malodi walikubali kwamba kosa lile la anwani halikuwa jambo la msingi la kumfanya andaraita abadili uamuzi wake. Hata hivyo kampuni ya bima ilishinda, kwa kuwa majibu yalikuwa msingi wa mkataba na jibu moja halikuwa kweli. Waingereza wenyewe wameshaachana na utaratibu huo kwa bima za biashara, kwa sheria yao ya mwaka 2015. Lakini tamko la aina hiyo bado limo kwenye fomu nyingi za huku kwetu, na majibu ya barua ya ziada huunganishwa nalo moja kwa moja.

Kwa hiyo jibu bora ni lile litakalobaki kweli siku mtathmini wa hasara atakapokuwa amesimama katikati ya majivu, nakala ya barua yako mkononi.

Tuchukue mgahawa wa mfano, wa Sinza, Dar es Salaam. Una viti 60 ndani na 40 nje, chipsi na kuku mchana kutwa, mishkaki na nyama choma kuanzia jioni. Fomu ilijazwa vizuri kwa kadiri ya nafasi iliyokuwapo. Andaraita amerudisha maswali saba: paa, fraya, bomba la moshi, gesi, nyaya za umeme, thamani ya vifaa, na hasara zilizopita. Broka, kijana aliyezoeana na familia, anampigia simu mwenye mgahawa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, vipi, bei imetoka?"

"Bado, mama. Andaraita ameona picha za mgahawa mtandaoni. Anauliza lile banda la makuti ni la kwenu?"

"Ni letu, lakini lile si liko nje? Fomu iliuliza jengo. Jengo lina bati."

Mama hakudanganya. Fomu iliuliza paa la jengo, naye akalijibu jengo analolifikiria yeye, lenye kuta za tofali na bati juu. Kwa andaraita, jengo ni kila kinachoweza kuungua na kuunguza kingine. Makuti hushika moto kwa cheche moja, huwaka kwa dakika chache, na vipande vyake vinavyowaka huchukuliwa na upepo hadi paa la jirani. Banda likiwa mita mbili kutoka dirisha la jiko, lile bati lililoandikwa kwenye fomu haliondoi hatari hiyo.

Jibu la kwanza lililomjia mama lilikuwa hili: "Kuna kibanda kidogo cha makuti nje, kiko mbali kidogo na jiko." Kila neno la sentensi hiyo linaweza kubishaniwa baadaye. Kidogo kiasi gani? Mbali kutoka wapi? Dawa yake ni futi kamba na nusu saa. Wakapima, na jibu likaandikwa upya:

"Jengo kuu lina ukubwa wa mita za mraba 220, kuta za tofali za saruji, paa la bati juu ya mbao. Nyuma yake kuna banda la wazi la nguzo za miti na paa la makuti, mita za mraba 90, linalotumiwa na wateja kukaa. Ukingo wa makuti uko mita 2.1 kutoka ukuta wa jiko. Makuti hayajapakwa dawa ya kuzuia moto. Grili ya mkaa iko nje ya banda, mita 5.5 kutoka ukingo wa makuti. Banda lina taa nane za umeme. Picha nne na mchoro wa vipimo vimeambatishwa."

Angalia sentensi ya makuti kutopakwa dawa. Haikuulizwa moja kwa moja na haipendezi kuiandika. Lakini andaraita akiisoma hawezi kudai baadaye kwamba alidhani yamepakwa, na mama hana la kuficha. Andaraita pia amepata kipimo anachokihitaji: makuti ni mita 90 kati ya 310 za eneo lote, karibu asilimia 29. Huenda ada ikapanda, au banda likatengwa nje ya bima. Hayo yote yanazungumzika kabla ya moto; baada ya moto hayazungumziki.

Swali la fraya linahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana ndipo moto mwingi wa jikoni unapoanzia. Andaraita aliuliza: "Taja idadi ya fraya, ujazo wa mafuta, na kama kila moja ina kifaa cha kuzima joto likizidi." Mama angeweza kujibu "ndiyo", kwa kuwa kila fraya ina kile kirungu cha kuongeza na kupunguza joto. Lakini hicho siyo kinachoulizwa. Kirungu kinaendesha kidhibiti cha kawaida, kinachoyaweka mafuta kwenye nyuzi 170 hadi 190 za kukaangia. Kidhibiti hicho kikigoma kikiwa kimewasha, mafuta huendelea kupanda hadi yaanze kutoa moshi, na yakipita nyuzi 300 na ushee yanawaka yenyewe bila cheche. Ndiyo sababu fraya ya biashara inatakiwa kuwa na kifaa cha pili, kinachojitegemea, kinachokata umeme au gesi joto likizidi mno. Kampuni nyingi za Uingereza huandika kwenye masharti yao nyuzi 230 kama mwisho. Kikishakata, hakirudi chenyewe. Lazima mtu abonyeze kitufe, ambacho kwa kawaida kiko nyuma au chini ya mashine.

Hapo ndipo mambo huharibika. Kitufe kikikata mara kwa mara mchana wa shughuli nyingi, fundi wa mtaani anaombwa "akinyamazishe", naye anaunganisha nyaya mbili moja kwa moja. Fraya inaendelea kukaanga kama kawaida na hakuna anayejua kuwa kinga imeondoka. Mashine iliyonunuliwa ya mtumba yaweza kuwa imefika dukani hivyo hivyo. Kwa kuangalia tu huwezi kujua. Inabidi fundi afungue, apime, na aandike alichokiona.

Mama alimwita fundi. Fraya ya kwanza ilikuwa nzima. Ya pili, ya gesi, kifaa cha pili kilikuwa kimerukwa. Huu ndio wakati ambapo mtu hushawishika kuandika "zote zina vifaa hivyo" kwa hesabu kwamba ya pili itatengenezwa wiki ijayo. Jibu lililopelekwa lilikuwa hivi:

"Fraya ziko mbili. Namba 1: ya umeme, lita 10, ina kidhibiti cha joto na kifaa cha pili cha kukata joto likizidi, vyote vimepimwa na fundi tarehe 4 Machi na vinafanya kazi. Namba 2: ya gesi, lita 16, kidhibiti cha joto kinafanya kazi, lakini tarehe hiyo hiyo fundi alikuta kifaa cha pili kimeondolewa kwenye mzunguko. Fraya hiyo imezimwa na bomba lake la gesi limefungwa. Kipuri kimeagizwa. Haitatumika mpaka tutume ripoti ya fundi ya kuthibitisha matengenezo."

Jibu hilo limetenganisha vitu vitatu ambavyo wengi huvichanganya: hali ilivyo leo, kinachokusudiwa kufanywa, na ahadi inayotolewa. Ahadi ile ya mwisho ni nzito. Ikiingia kwenye mkataba kama sharti, mpishi akiiwasha ile fraya Jumamosi moja kwa sababu wateja wamejaa, ametia bima yote mashakani. Usiandike ahadi ambayo mpishi wako hajaisikia. Mama aliiandika baada ya kuziba bomba na kuwaeleza wapishi, siyo kabla.

Swali hilo lilikuwa na mkia: "Kuna kizima moto cha aina gani karibu na fraya?" Jibu la "tuna mitungi mitatu" halijibu kitu. Maji yakimwagwa kwenye mafuta yanayowaka hugeuka mvuke papo hapo na kutanuka takribani mara 1,700, yakarusha mafuta ya moto jiko zima. Mtungi wa unga waweza kuzima mwale, ila haupozi mafuta, nayo yanawaka tena. Mafuta ya kupikia yana mtungi wake wa kemikali ya majimaji, wenye alama ya F kwa utaratibu wa Ulaya au K kwa utaratibu wa Marekani. Kwa hiyo jibu linataja aina, ujazo, mahali ulipotundikwa na tarehe ya mwisho ya ukaguzi iliyo kwenye kadi ya mtungi. Kama una mitungi ya unga tu, ndivyo unavyoandika. Andaraita ataagiza ununue mmoja wa mafuta, na bei yake ni ndogo mno ukiilinganisha na madai yaliyokataliwa.

Bomba la moshi lilileta mkanganyiko mwingine. Andaraita aliuliza linasafishwa mara ngapi, na nani, na akaomba ushahidi. Mpishi mkuu alijibu kwa kujiamini: kila wiki. Alikuwa anasema kweli, ila alikuwa anazungumzia filta, zile bamba za chuma zenye matundu zinazochomolewa kwenye kofia ya moshi na kuloweshwa kwenye maji ya moto na sabuni. Kofia yenyewe kwa ndani hufutwa mara mojamoja. Bomba linalotoka kwenye kofia, linalopita juu ya dari na kutokea kwenye paa, lilikuwa halijafunguliwa tangu lifungwe mwaka 2022.

Ni vitu vitatu tofauti, na hatari kubwa iko kwenye kile kisichoonekana. Mvuke wa mafuta hupita kwenye filta, hupoa ndani ya bomba na kuganda ukutani mwake kama utomvu. Mwale ukiruka kutoka kwenye fraya ukafika ndani, ule utomvu unashika, na moto unasafiri juu ya dari kwenye mbao za paa wakati wapishi bado wanadhani wameuzima. Mwongozo wa Marekani unaoitwa NFPA 96 unataka mabomba ya jiko linalotumia mkaa au kuni yakaguliwe kila mwezi, ya jiko lenye upishi mwingi kila miezi 3, na ya upishi wa wastani kila miezi 6. Andaraita wako hawezi kukubana kwa mwongozo huo kama haumo kwenye mkataba wake, lakini ndio unaokuonyesha kwa nini jibu la "kila wiki" linamtia shaka kuliko kumtuliza. Hakuna anayefungua bomba kila wiki.

Jibu likawa: filta kila wiki na wafanyakazi wa jiko, na daftari lipo, kofia kwa ndani kila mwezi, bomba halijasafishwa tangu Juni 2022, mkandarasi ameitwa, kazi ni tarehe 11 Machi, na risiti pamoja na picha za kabla na baada zitatumwa tarehe 13. Kisha tarehe 13 zikatumwa kweli. Hilo la mwisho husahaulika sana. Jibu lililoahidi kielelezo halijakamilika mpaka kielelezo kifike, na faili la andaraita lenye pengo ndilo linalofunguliwa siku ya madai.

Gesi haikuwa na matatizo: mitungi mitatu ya kilo 38, imesimama nje ndani ya kizimba cha wavu, mmoja ukitumika na miwili ikisubiri. Kitu cha kutaja hapo ni kama kuna shimo au mfereji wa maji machafu karibu, kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hushuka chini na kutuama kwenye shimo, haipandi ikapotea.

Swali la nyaya za umeme lina funzo la namna nyingine, kwa kuwa lilikuwa halina jibu. Jengo ni la kupanga. Mama hajui nyaya zilikaguliwa lini, na mwenye nyumba hajui pia. Wapo wanaoandika tarehe ya kukisia, na wapo wanaoacha mstari. Vyote viwili ni vibaya: tarehe ya kukisia ni kauli isiyo kweli, na mstari kwenye nafasi ya jibu unaweza kusomeka kama "hakuna tatizo". Kutojua ni jibu halali mradi uonyeshe uliuliza. Mama aliandika kwamba jengo ni la kupanga tangu 2022, kwamba amemuuliza mwenye nyumba kwa maandishi naye hana cheti cha ukaguzi, na kwamba fundi mwenye leseni ya EWURA ataukagua mfumo tarehe iliyotajwa. Maneno "kwa kadiri ninavyofahamu" yanafaa mahali kama hapa, penye jambo lililo mikononi mwa mtu mwingine. Ukiyaweka mbele ya kila jibu, pamoja na idadi ya fraya zako mwenyewe, yanasomeka kama ya mtu anayejikinga.

Sasa thamani. Kwenye fomu mama aliandika vifaa na samani shilingi milioni 60. Andaraita aliuliza: "Milioni 60 zimepatikanaje? Toa mchanganuo kwa gharama ya kununua vipya." Mhasibu alikuwa amezitoa kwenye vitabu vya hesabu, baada ya kupunguza uchakavu wa miaka mitatu. Kwa kodi hesabu hiyo ni sahihi. Kwa bima inayolipa gharama ya kununua vipya ni pungufu. Wakakaa na orodha na bei za madukani: fraya mbili milioni 6, jiko la gesi milioni 5, grili ya mkaa na kofia yake milioni 9, friji na friza pamoja na chumba baridi milioni 34, meza na viti milioni 22, kofia ya jiko na mabomba yake milioni 10, vyombo, mashine ya kahawa na mashine za mauzo milioni 14. Jumla, milioni 100.

Tofauti hiyo ya milioni 40 si ya kuonekana siku mgahawa wote ukiteketea tu. Mikataba ya bima ya moto ina kanuni ya uwiano: ukikatia bima asilimia 60 ya thamani, unalipwa asilimia 60 ya kila hasara, hata ndogo. Jiko likiungua kwa hasara ya milioni 30, ambayo ni nusu tu ya kiasi ulichokatia, kampuni inagawa 60 kwa 100, inazidisha kwa 30, inakupa milioni 18, na kutoka hapo inatoa kile kiwango cha kila dai ambacho mkataba unakutaka ukibebe mwenyewe. Milioni 12 zilizobaki zimekuwa zako. Wengi huita hiyo dhuluma, ilhali wao ndio walioipunguza thamani ili ada ishuke. Andaraita aliyeuliza mchanganuo alikuwa anamwokoa mama na jambo hilo, na jibu sahihi lilikuwa kupeleka orodha nzima na kuomba kiasi kibadilishwe kiwe milioni 100, ada yoyote itakayofuata.

Swali la mwisho lilihusu hasara. Kwenye fomu, penye "hasara katika miaka mitano iliyopita", mama alikuwa ameandika "hakuna". Andaraita akarudi: "Tafadhali thibitisha, ikiwa ni pamoja na matukio ambayo hayakudaiwa." Hili ndilo neno lililobadilisha kila kitu. Agosti 2023 mafuta ya fraya yalishika moto, wakayafunika kwa blanketi la moto, wakanunua kofia mpya na kupaka rangi ukuta. Hakukuwa na bima, hakukuwa na dai, na kwa hiyo mama hakuliona kama hasara.

"Nikilitaja si watanikataa, mwanangu?"

"Mama, wakikataa leo tunaenda kampuni nyingine na hiyo hiyo barua. Wakikataa siku ya moto hatuna pa kwenda."

Kijana alisema vema. Jirani aliyeliona tukio hilo ataulizwa, mpishi aliyeacha kazi ataulizwa, na picha aliyoituma mtu kwenye kundi la WhatsApp mwaka ule bado ipo. Wakaandika mwezi na mwaka, chanzo, namna moto ulivyozimwa, gharama ya matengenezo ya shilingi 1,400,000 kutoka mfukoni, na kilichobadilishwa baadaye. Wakaongeza sentensi moja: "Jibu hili linasahihisha neno 'hakuna' tuliloandika kwenye swali hilo la fomu ya maombi." Sentensi hiyo ni ya lazima. Ukitoa jibu jipya bila kufuta la zamani, faili linabaki na kauli mbili zinazopingana zenye saini yako. Jibu la paa na kiasi cha bima yaliongezewa sentensi kama hiyo pia.

Barua yenyewe ilifuata namba za andaraita, moja hadi saba, kila swali likinakiliwa neno kwa neno na jibu chini yake. Hii inamzuia mwandishi asiunganishe maswali mawili akajibu moja, jambo linalotokea sana penye swali lenye vipande vitatu. Vielelezo vilipewa herufi na kutajwa ndani ya majibu. Mama aliisoma yote mwenyewe kabla ya kutia saini, maana hata kama broka au wakala ndiye aliyechapa, saini ni ya mama.

Mpaka hapo hakuna bima bado. Maswali yakiwa yanazunguka, kampuni haijaibeba hatari, na kwa Kenya na Tanzania bima haianzi kabla ya ada kulipwa. Wajibu wa kueleza nao unaendelea hadi mkataba ufungwe: ripoti ya fundi wa umeme ilipotoka tarehe 18 ikionyesha nyaya za banda la makuti zimeungwa ovyo, ilipelekwa siku hiyo hiyo, ingawa majibu yote yalikuwa yameshapokelewa.

Mkataba ulipofika, mama na broka waliusoma barua ikiwa pembeni. Banda la makuti limeingizwa, kwa ada ya juu zaidi, na kwa sharti kwamba nyaya zake zifungwe upya ndani ya siku 30. Fraya namba 2 imetajwa. Thamani ni milioni 100. Lakini kwenye maelezo ya jengo karani alikuwa amenakili fomu ya kwanza: "paa la bati". Broka akaandika siku hiyo hiyo kuomba marekebisho, akiambatisha jibu namba 1, na hati ya nyongeza iliyosema "paa la bati, na banda la makuti la mita za mraba 90" ikatoka baada ya wiki moja.